Namba za mgongoni zikijipenyeza mbele: kunakili picha za karatasi nyembamba

Karatasi yenyewe ilikuwa orodha ya michango ya mwaka 1958, ya chama cha kuzikana pale Walukuba, Jinja. Nakala ya kaboni, karatasi laini inayochakarisha kama ganda la kitunguu, imepigwa taipu pande zote mbili kwa sababu karatasi ilikuwa mali. Niliipiga picha kwa simu, nikarudi nyumbani Kampala, nikanakili, nikamtumia Hajati, binti wa marehemu mweka hazina, ambaye ndiye anayetunza faili. Kabla ya magharibi simu ikalia.

"Mwanangu, mbona umemfanya marehemu baba mwizi?"

Nilikuwa nimeandika michango mitano: 15, 20, 180, 50, 25. Ukijumlisha unapata 290. Chini ya orodha, kwa taipu ileile, imeandikwa Jumla 165. Shilingi 125 hazionekani. Nikafungua picha upya, nikaikuza mpaka herufi zikawa mawe, na bado niliona 180 na 50. Ilibidi nirudi Jinja.

Hazikuibwa. Zilikuwa zimetoka upande wa pili wa karatasi. Tangu siku hiyo, kabla sijanakili ukurasa wowote mwembamba, naanza na hatua zifuatazo.

Dalili: kuna maandishi hafifu kati ya mistari. Yametoka wapi?

Usikimbilie kuyafuta. Vivuli vya aina hii vina vyanzo vinne, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Jiulize kwanza: herufi za kivuli zimegeuka kama kwenye kioo, au zimekaa sawa? Zikiwa zimekaa sawa na unaweza kuzisoma kawaida, hazikutoka mgongoni mwa karatasi hii. Ni za karatasi iliyo chini yake kwenye faili, zinaonekana kupitia karatasi ya juu. Hilo ndilo rahisi kuliko yote: weka kitu kati ya karatasi hizo mbili, kivuli kitaondoka.

Zikiwa zimegeuka, bado kuna njia tatu. Fungua picha ya upande wa nyuma uilinganishe. Kivuli kikifuata mistari ya upande wa nyuma, basi ama mwanga unapita kwenye karatasi, ama wino wenyewe umezama na kutokea upande huu. Kisipofanana na upande wa nyuma hata kidogo, tazama ukurasa uliokuwa ukilaliana na huu kwenye faili. Kaboni na wino vikibanwa miaka sitini huhamia kwa jirani, na alama inayohamia nayo hugeuka kama kioo. Wengi wanakwama hapo, wanatafuta mgongoni kitu ambacho hakipo mgongoni.

Kutofautisha mwanga unaopita na wino uliozama kunahitaji karatasi yenyewe mkononi na kipande cha manila nyeusi. Telezesha manila chini ya karatasi. Kivuli kikififia papo hapo, ni mwanga tu. Kikibaki vilevile, wino umezama. Wino wa zamani wa kalamu ya kuchovya, ule uliotengenezwa kwa chuma, ndio wenye tabia hiyo: hugeuka kahawia, huacha utando wa rangi pembeni mwa herufi, na mahali ulipolowesha sana huweza hata kuitoboa karatasi. Kwa wino uliozama, manila haitakusaidia. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kompyuta hapa chini.

Kuna kesi ndogo ya tano ambayo haistahili kichwa chake: kivuli kinatokea kwenye baka moja tu la ukurasa, sehemu nyingine safi. Hilo ni doa la mafuta. Mafuta huifanya karatasi ipitishe mwanga. Manila nyeusi hulisaidia pia.

Dalili: kivuli ni kikali kwenye picha kuliko kwa macho

Hili ndilo lililonipata, na kosa lilikuwa langu. Pale barazani kwa Hajati kulikuwa na meza ya plastiki nyeupe. Mimi, kwa usafi wangu, nikatandika juu yake karatasi nyeupe mpya, ndipo nikalaza nakala ya 1958. Nilidhani weupe utasaidia maandishi yaonekane. Ulisaidia, lakini ya pande zote mbili.

Fikiria mwanga unavyosafiri. Sehemu yake inagonga uso wa karatasi na kurudi kwenye kamera. Hiyo haina shida. Sehemu nyingine, ambayo kwenye karatasi nyembamba si ndogo, inapenya mpaka chini, inagonga kitu kilichopo chini, na kurudi juu. Chini pakiwa peupe, mwanga huo unarudi karibu wote, isipokuwa pale penye wino mgongoni, ambapo unamezwa. Tofauti kati ya pale uliporudi na pale uliomezwa ndiyo kivuli unachokiona. Chini pakiwa peusi, mwanga uliopenya unamezwa kila mahali, penye wino na pasipo na wino. Tofauti inapungua, na kivuli kinakwenda nayo. Ukurasa mzima unakuwa wa kijivujivu kidogo, lakini maandishi ya mbele yanabaki na weusi wake.

Kwa hiyo: manila nyeusi isiyong'aa, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Usinunue iliyokatwa A4. Karatasi nyingi za ofisi za enzi hizo ni fulskapu, yenye urefu wa inchi 13, yaani kama sentimita 33. A4 ina sentimita 29.7. Ukiiweka A4 chini ya fulskapu, sentimita tatu za mwisho zinabaki juu ya meza nyeupe, na huko mwisho ndiko kunakokaa jumla na sahihi. Nunua manila kubwa, kata mwenyewe kipande kinachoizidi karatasi kidogo kila upande.

Kizidi kidogo tu. Ukiacha weusi mwingi kwenye fremu, simu inadhani uko gizani, inaongeza mwanga mpaka karatasi inaungua kwa weupe na nakala hafifu ya kaboni inapotea. Sogeza simu mpaka manila ionekane kama ukanda mwembamba pembeni, gusa katikati ya karatasi kwenye kioo cha simu ili ipime mwanga hapo, kisha piga. Flashi izimwe. Kivuli cha veranda mchana kinatosha, ilimradi karatasi imelala mezani na hujaiinua kuelekea angani. Ukiinua, mwanga unatoka nyuma na mgongo wote unasomeka.

Karatasi zikiwa zimefungwa kwenye faili kwa tagi, huna haja ya kufungua chochote. Ingiza manila nyuma ya kila karatasi unapoifikia. Ukiwa kwenye chumba cha kusomea cha nyaraka, kama kule Wandegeya kwenye hifadhi ya taifa, mwonyeshe mhudumu manila yako kwanza na umuombe ruhusa kabla hujaiingiza kwenye faili.

Kabla hujaondoka, piga pia upande wa nyuma, hata kama hauna maana kwako. Utauhitaji kama shahidi.

Dalili: baada ya kuweka manila, vivuli vimeondoka lakini kuna nukta nyeusi mpya

Hizi hazikuandikwa na mtu. Ni matundu. Mashine ya taipu yenye mkono mzito hutoboa karatasi nyembamba kwenye kila kituo, na herufi o mara nyingi hukatika katikati kama kifuniko. Juu ya meza nyeupe tundu lilikuwa jeupe na hukuliona. Juu ya manila tundu ni jeusi tititi, na linaonekana kama wino. Wadudu na pini za zamani hufanya hivyohivyo.

Kwa maneno ya kawaida si neno. O iliyojaa weusi bado ni o. Hatari iko kwenye namba, ambapo tundu la mdudu kati ya tarakimu mbili linakuwa nukta ya senti. Ninachofanya ni kupiga picha mbili za kila ukurasa wenye hesabu, ya kwanza juu ya manila nyeusi, ya pili juu ya karatasi nyeupe, bila kuisogeza simu. Alama nyeusi juu ya manila na nyeupe juu ya karatasi nyeupe ni tundu. Alama iliyopo juu ya nyeupe na kupotea juu ya nyeusi ni kivuli cha mgongoni. Iliyobaki vilevile kwenye zote mbili ni wino, ingawa bado unaweza kuwa wino uliozama. Jaribio hili moja linajibu mengi kuliko programu yoyote.

Dalili: programu ya kuskani imeufanya ukurasa kuwa mbaya zaidi

Programu za simu za kuskani zina hali ya nyeusi-nyeupe ambayo hutazama kila eneo dogo la ukurasa na kuamua ndani ya eneo hilo kipi ni cheusi. Mahali pasipo na maandishi ya mbele, kitu cheusi kuliko vyote ni kivuli, basi kinapewa weusi kamili sawa na wino. Ukishahifadhi hivyo, hakuna njia ya kurudi, kwa sababu tofauti ya ukolezo uliyokuwa unaitegemea imefutwa. Tumia kamera ya kawaida, kwa rangi. Na kama mwenzako ndiye anayekupigia picha huko Arua au Mbarara, mwambie akutumie WhatsApp kama dokumenti na si kama picha. Ikitumwa kama picha hubanwa, na kingo za kivuli na za herufi huyeyukiana.

Dalili: picha ndizo hizohizo, karatasi huwezi kuifikia tena

Sasa unabaki na macho na kompyuta. Macho kwanza.

Kivuli huwa na kingo laini kuliko maandishi ya mbele, kwa kuwa mwanga hutawanyika ndani ya karatasi. Kwa nakala ya kaboni dalili hii ni dhaifu, maana kaboni yenyewe ina kingo laini. Mwandiko wa mkono unaoinamia kulia utakuwa na kivuli kinachoinamia kushoto. Mkwaju wa shilingi na senti ukilala kinyume, kama `\`, umetoka mgongoni. Na Kiswahili kinatupa zawadi: hatuna herufi q. Ukiona q katikati ya neno la Kiswahili, na si jina la mtu kama Qasim, karibu hakika unaangalia p ya upande wa pili. b na d nazo hubadilishana hivyohivyo, lakini zote mbili tunazo, kwa hiyo hazikuambii kitu peke yake.

Zinazodanganya ni zile zinazofanana na sura yake kwenye kioo: o, w, v, i, kistari, 0, 8. Hizi hazina upande. w ya mgongoni ikianguka mahali pabaya kwenye mwandiko wa mkono, "amelipa" inakuwa "amelipwa", na aliyetoa pesa anakuwa aliyepokea. Kwenye taipu hilo ni gumu kutokea, maana kila herufi ina chumba chake chenye upana uleule, na hakuna nafasi ya kuchomeka herufi ya ziada katikati ya neno. Tumia hilo. Weka rula ya plastiki kwenye kioo cha kompyuta, au chora mistari ya wima kupitia herufi za mstari wa juu na wa chini. Alama isiyokaa ndani ya chumba chake, au iliyopanda juu kidogo ya mstari, itilie shaka.

Kisha mlete shahidi. Geuza picha ya upande wa nyuma kama kioo na uiweke kando ya ile ya mbele. Kwa mwenye ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi, ni mstari mmoja:

```
magick nyuma.jpg -flop nyuma-kioo.jpg
```

Kila alama unayoishuku mbele, itafute mahali palepale kwenye `nyuma-kioo.jpg`. Ukiikuta huko, umeshapata chanzo chake. Mara nyingi naishia hapa, sihitaji kusafisha picha kabisa. Mnakili anahitaji kujua, hahitaji picha nzuri.

Ukurasa ukiwa umechafuka kiasi kwamba macho yanachoka, safisha kwa hatua mbili: sawazisha kwanza mwanga wa ukurasa, kisha sukuma kila kilicho hafifu kiwe cheupe.

```
magick mbele.jpg -colorspace Gray \( +clone -blur 0x40 \) \
  -compose Divide_Src -composite -level 30%,80% safi.png
```

Hiyo 80% ndiyo usukani. Chochote cheupe kuliko hapo kinakuwa cheupe kabisa. Ishushe mpaka 70% kivuli kiondoke zaidi, lakini angalia penseli, sahihi za wino uliopauka, na mihuri: hizo huwa hafifu kama kivuli na huondoka nacho. Ndiyo sababu `safi.png` husomwa pembeni ya picha ya awali, haichukui nafasi yake.

Kama mgongoni kuna wino mwekundu au muhuri mwekundu, una bahati. Toa chaneli nyekundu peke yake na wekundu utayeyuka kwenye weupe wa karatasi:

```
magick mbele.jpg -channel R -separate nyekundu.png
```

Kwa wino uliozama, au kivuli chenye ukolezo karibu sawa na maandishi, inabaki kutoa upande mmoja kwenye mwingine. Ninaifanya kwenye programu ya picha ya GIMP. Fungua picha ya mbele, kisha ya nyuma kwa `Open as Layers`, igeuze kwa `Flip Horizontally`. Kwenye `Levels` fanya karatasi ya tabaka la nyuma iwe nyeupe kabisa, libaki andishi tu. Punguza `Opacity` mpaka 50 uone matabaka yote mawili, na ulisogeze la nyuma mpaka likikalie kivuli chake. Hapa ndipo saa zinapokwenda, maana karatasi ya zamani imejikunja na picha mbili hazikupigwa kwa pembe moja. Mara nyingi kona moja inakubali na nyingine inakataa. Usipigane na ukurasa mzima. Linganisha mistari mitatu unayoihitaji, acha mingine.

Zikishakaa, tumia `Invert` kwenye tabaka la nyuma ili wino wake uwe mweupe, lilainishe kwa `Gaussian Blur` ya pikseli 2 au 3 lifanane na ulaini wa kivuli, badili `Mode` iwe `Addition`, na rudisha `Opacity` kwenye 20 hivi. Panda taratibu. Kivuli kikianza kuacha alama nyeupe badala ya kutoweka, umepita kipimo. Herufi za mbele zilizokaa juu ya herufi za nyuma zitapauka kidogo, ni kawaida.

Orodha ya Walukuba

Turudi kwenye 290 na 165. Tofauti ni 125. Niliporudi barazani kwa Hajati na manila chini ya mkono, nililaza karatasi juu ya weusi, na ile 50 ikawa 5 mbele ya macho yetu. Sifuri yake ilikuwa ya mgongoni, ya tarehe kwenye kumbukumbu za mkutano. Nilipoitazama tena picha ya kwanza niliona nilichopaswa kuona tangu mwanzo: tarakimu zote za safu ile zilikuwa zimepangwa sawa upande wa kulia, na sifuri hiyo peke yake ilijitokeza nje ya safu, chumba kimoja, na juu kidogo ya mstari. Hiyo ni shilingi 45.

Ile 180 ilikuwa 100. Kistari cha mgongoni kilipita katikati ya sifuri ya kwanza na kuifanya nane. Hii nisingeigundua kwa mpangilio, kwa sababu kilikaa barabara. Hiyo ni 80. Na 80 na 45 ni 125.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa hesabu, jumlisha kabla hujatuma. Tofauti ukiipata, usiisahihishe kwa kubahatisha. Igawe tofauti hiyo vipande uone ni tarakimu zipi mbili au tatu zinaweza kuizaa, kisha zitafute hizo kwenye picha ya nyuma. Na pasipowezekana kuamua, andika unachokiona ndani ya mabano ya mraba na alama ya kuuliza, `1[0?]0`, na pasiposomeka kabisa andika `[haisomeki]`. Jumla ya chini nayo ina mgongo wake, kwa hiyo ikague kama namba nyingine.

Hajati aliishika ile manila, akaitoa na kuirudisha chini ya karatasi mara tatu, akitazama sifuri ikija na kwenda. Kisha akaniambia nirekebishe, na safari hii nimsomee kwa sauti kabla sijampelekea mtu mwingine yeyote. Nikamsomea: kumi na tano, ishirini, mia, tano, ishirini na tano. Jumla mia na sitini na tano.